Picha Mbili, Ukurasa Mmoja: Jinsi ya Kunukuu Daftari Lililopigwa Picha Nusu kwa Nusu

Ndugu aliye mbali amelikuta daftari la zamani kwenye sanduku la marehemu mzee, akalipiga picha kwa simu na kukutumia. Ukurasa unaouhitaji kuliko zote umekuja kwa picha mbili. Katika ya kwanza, upande wa kushoto unasomeka hadi nukta ya mwisho, lakini upande wa kulia umejaa ukungu. Katika ya pili ni kinyume chake. Unamwomba apige tena, anakujibu kwamba daftari limesharudi kwa wenyewe, au mchwa wamelimaliza, au limefungiwa nyumba ambayo hana ufunguo wake. Hizo picha mbili ndizo ulizo nazo.

Wengi hufanya haraka: wananakili nusu safi ya picha ya kwanza, wananakili nusu safi ya pili, kisha wanaziweka ubavu kwa ubavu. Matokeo huonekana kamili, na hapo ndipo hatari ilipo. Nakala ya namna hii inaweza kuwa na kila herufi sahihi na bado ikaeleza mambo ambayo hayakuandikwa kamwe kwenye daftari. Makala hii inaonyesha kosa hilo linavyotokea, na namna ya kufanya ili nusu mbili zirudi kuwa ukurasa ule ule.

Kwa nini nusu moja hupotea

Kamera hulenga umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Kitu kilicho kwenye umbali huo hutoka wazi, na kilicho mbele au nyuma yake kidogo bado husomeka, kisha ukungu huanza. Unapopiga picha ya mlima, eneo hilo linalosomeka ni refu mno na hulioni tatizo. Unaposogeza simu karibu na karatasi, eneo hilo hupungua sana. Simu ikiwa imeinama, ukingo mmoja wa ukurasa unaweza kuwa sentimita 20 kutoka kwenye lenzi na ukingo wa pili sentimita 35. Ongeza kwamba daftari nene haliwi bapa: karibu na mgongo wake karatasi huinuka na kujikunja. Mpiga picha akigusa kioo upande wa kushoto, kushoto hutulia na kulia huponyoka. Akigusa kulia, mambo hugeuka.

Ukungu huo una tabia ambazo msomaji anapaswa kuzijua. Kila nukta ya wino hutawanyika ikawa duara dogo, na maduara yaliyo jirani huingiliana. Vitu vidogo na vyembamba ndivyo vinavyotoweka kwanza: nukta, koma, vistari, na uwazi ulio ndani ya herufi. Herufi a iliyofungwa juu na u iliyo wazi huanza kufanana. Tarakimu 3, 6 na 8 huwa ndugu watatu, na 1 na 7 huwa mapacha.

Jambo la pili halijulikani sana, nalo ni baya zaidi. Ukungu ukifikia kiwango fulani, haufifishi tu mistari iliyobanana, bali huweza kugeuza nafasi zake. Maduara ya mistari miwili yanapokutana katikati, mahali palipokuwa peupe hugeuka kuwa ndipo peusi zaidi. Mistari mitatu iliyosimama karibu karibu huweza kuonekana kama miwili, na hiyo miwili ikaonekana dhahiri kabisa. Miguu mitatu ya herufi m hubaki miwili, nawe ukasoma n bila shaka yoyote moyoni. Kwa hiyo sehemu yenye ukungu haipaswi kuaminiwa kwa sababu tu macho yako yameona umbo lenye kingo.

Simu nazo huchangia. Nyingi hunoa kingo za picha zenyewe baada ya kupiga, ili ipendeze. Kuna njia nyepesi ya kutambua uwazi wa kweli na uwazi wa kutengenezwa: kuza picha, kisha tazama kitu ambacho si maandishi, kama mistari ya rangi iliyochapwa kwenye daftari au nyuzi za karatasi. Ikiwa mstari mwembamba uliochapwa unaonekana mwembamba, mahali hapo ni safi. Ikiwa herufi zina kingo kali lakini zimezungukwa na uzi mweupe, na mistari ya daftari haionekani au imevimba, hapo simu imenoa ukungu tu.

Ukurasa wa mfano

Tuchukue ukurasa wa daftari la madeni la duka la mtaani, la wakati senti bado zilikuwa na thamani. Ukurasa ni wa mteja mmoja. Kushoto kuna tarehe na bidhaa, kulia kuna fedha. Fedha zimeandikwa kwa mtindo wa zamani ambao vijana wengi hawajauona: shilingi, alama ya mkwaju, kisha senti. Hivyo 6/25 ni shilingi sita na senti ishirini na tano, na -/90 ni senti tisini bila shilingi.

Picha tuliyoiita A ni safi upande wa kushoto. Ukiisoma kutoka juu, unapata mistari kumi: sukari kilo 2, mafuta ya taa chupa 1, unga wa sembe, kachukua mtoto, sabuni mche 1, alama mbili ndogo za "kama juu" zikifuatwa na neno nusu, chumvi, kalipa, kibiriti 2, majani ya chai. Picha B ni safi upande wa kulia. Nayo ukiisoma kutoka juu unapata fedha kumi: 8/00, -/90, 6/25, 2/50, 1/25, -/60, 10/00, -/40, 1/35, 11/25.

Kumi kwa kumi. Hesabu imekubali, na mwenye haraka atazipanga zikabiliane na kufunga kazi. Lakini tazama anachopata. Mistari mitatu ya kwanza ni sawa. Mstari wa nne unasema mtoto kachukua, na mbele yake kuna 2/50. Sabuni mche mzima inakuwa 1/25. Chumvi inagharimu shilingi kumi, ilhali kilo mbili za sukari ni shilingi nane. Mteja aliyekwenda kulipa deni analipa senti arobaini. Majani ya chai yanakuwa shilingi 11 na senti 25, ghali kuliko kila kitu kwenye ukurasa.

Hakuna herufi hata moja iliyosomwa vibaya. Kilichoharibika ni ndoa ya mistari. Maneno "kachukua mtoto" si deni jipya. Ni mwendelezo wa mstari wa unga, muuza duka akieleza nani aliyetumwa kuja kuuchukua, na mbele yake hapana fedha. Kwa upande wa pili, 11/25 si bei ya bidhaa yoyote. Ni jumla iliyoandikwa chini bila neno "jumla". Upande mmoja una mstari wa ziada katikati, upande mwingine una mstari wa ziada mwishoni, na makosa mawili yamefichana ndani ya idadi inayolingana.

Nusu yenye ukungu ina kazi yake

Dawa ya kosa hilo iko kwenye sehemu ambayo watu huitupa. Picha mbili ni kama mashahidi wawili wa tukio moja: kila mmoja alikuwa karibu na upande wake, lakini wote wawili walikuwepo na waliona umbo la jambo zima. Nusu yenye ukungu haiwezi kukuambia ni herufi gani, lakini inaweza kukuambia mahali: mstari huu umeandikwa au ni mtupu, neno ni refu au fupi, wino umeanzia wapi na kuishia wapi.

Rudi kwenye picha A, upande wake wa kulia uliojaa ukungu. Hutaweza kusoma kiasi chochote cha fedha, lakini utaona wazi kwamba mbele ya "kachukua mtoto" hakuna doa la wino, wakati mbele ya mistari mingine yote lipo. Nenda kwenye picha B, upande wake wa kushoto. Maneno hayasomeki, lakini mkabala wa 11/25 hakuna wingu lolote la wino, na juu ya tarakimu hizo umepigwa mstari wa mkono. Ushahidi huu unatosha kuirudisha ndoa ya mistari mahali pake.

Ndiyo maana kazi huanza kwa kuhesabu mistari iliyochapwa kwenye daftari, kabla ya kusoma neno hata moja. Ipe namba kila mistari ya daftari, iwe imeandikwa au mitupu, kuanzia juu hadi chini, katika picha zote mbili. Usianze kuhesabu kutoka mstari wa kwanza ulioandikwa, kwa sababu katika picha moja unaweza usiuone. Tafuta alama ambayo ipo kwenye picha zote mbili na haina shaka: tundu la pini, doa la mafuta, kona iliyochanika, mahali mstari mwekundu wa pambizo unapokatana na mstari wa juu kabisa. Alama mbili zinatosha, moja juu na moja chini. Ikiwa kutoka alama ya juu hadi ya chini unapata mistari ile ile kwenye A na kwenye B, unajua hukuruka wala hukurudia.

Daftari lisilo na mistari huhitaji uvumilivu zaidi. Hapo fungua picha zote mbili katika ukubwa mmoja na upime umbali kutoka ukingo wa juu wa karatasi hadi kila mstari wa maandishi. Namba zenyewe hazitalingana kabisa, kwa kuwa simu haikusimama mahali pamoja mara zote mbili, lakini mpangilio wa nafasi utalingana: pengo pana baada ya mstari wa tatu litakuwa pana katika zote.

Soma mara mbili, linganisha mara moja

Mistari ikishapewa namba, soma picha A yote na uiandike kwenye karatasi yake. Yote, maana yake pamoja na upande wenye ukungu. Pale unapoona herufi, andika herufi. Pale usipoona, andika unachokiona: "doa fupi", "tarakimu mbili au tatu", "hakuna kitu". Kisha ifunike karatasi hiyo, uisome picha B vivyo hivyo kwenye karatasi nyingine. Ukiweza kumpata mtu wa pili akasoma picha B bila kuiona A, ni bora zaidi, kwa sababu jicho lililokwisha kusoma neno mahali fulani hulisoma tena hata pale lisipokuwepo.

Baada ya hapo ndipo unalinganisha, mstari kwa mstari, na kila mahali utakuta moja ya hali tatu. Ya kwanza, picha zote mbili zinasema neno moja. Hapo hapana la kujadili. Ya pili, moja inasema na nyingine imenyamaza. Unachukua inayosema, ukihakikisha kwamba umbo la doa kwenye ile iliyonyamaza halipingani nayo. Ya tatu, zinapingana.

Zikipingana, usitafute neno la katikati. Chagua picha iliyo safi mahali hapo hasa, kwa kipimo kile cha mstari mwembamba wa daftari. Katika mfano wetu, mstari wa nane katika picha A ni "kalipa". Katika picha B, ambapo upande huo umefifia, ulisoma "kulipa". Tofauti ni uwazi mdogo juu ya herufi moja, lakini maana zake ziko mbali: mteja amelipa shilingi kumi, au anatakiwa kulipa shilingi kumi. Picha A ndiyo iliyo safi hapo, nayo inaonyesha herufi iliyofungwa juu. Ni "kalipa".

Fedha nazo zina mtego wake. Katika picha A, ule mkwaju mwembamba ulisimama ukawa kama tarakimu 1. Karatasi yako ya picha A huenda ina 8100 mahali pa 8/00, na 1125 mahali pa 1/25. Ukiwa na picha B, ambayo ni safi upande wa kulia, jambo hilo linakwisha mara moja. Lakini jiulize ingekuwaje ukurasa mwingine wa daftari hilo hilo ungekuwa na picha moja tu, yenye ukungu kulia. Kujua mtindo wa mwandishi kutoka ukurasa huu kunakuokoa kule.

Ukanda wa katikati

Kuna sehemu ambayo hakuna picha iliyo safi kabisa. Ni ukanda wa katikati, labda upana wa vidole viwili au vitatu, ambapo picha A imeanza kupoteza na B bado haijapata. Hapo ndipo maneno hurudiwa au huangushwa: mwisho wa kushoto ulionukuliwa kutoka A na mwanzo wa kulia ulionukuliwa kutoka B huingiliana kwa neno moja, au huachana kwa neno moja.

Kata ukanda huo kutoka picha zote mbili, uukuze kwa ukubwa sawa, uweke vipande viwili kimoja juu ya kingine, mstari wa daftari ukilingana na mstari wa daftari. Sasa soma herufi kwa herufi. Kila neno la ukanda lipe mipaka: linaanza wapi, linaishia wapi. Neno likiwa limekatwa na mpaka wa usafi, lichukue zima kutoka picha moja kwanza, kisha zima kutoka nyingine; usiligawe nusu ya A na nusu ya B, kwa sababu hapo unaweza kuunda neno ambalo halipo popote.

Katika mfano wetu, ukanda huo umeangukia kwenye idadi ya unga. Baada ya neno "kilo" kuna tarakimu moja. Kwenye picha A tumbo lake linaonekana limefungwa, kama 6. Kwenye picha B kuna kitu kama kikofia juu, kama 5. Mahali hapo picha zote mbili ziko sawa kwa udhaifu. Hapa ndipo hesabu inaporuhusiwa kusema. Bei ni 6/25. Ikigawanywa kwa tano inatoka shilingi 1 na senti 25 kwa kilo, bila baki. Ikigawanywa kwa sita haitoki kwa senti kamili. Ni kilo 5, na katika nakala tunaeleza kwamba tarakimu hiyo imethibitishwa kwa hesabu, siyo kwa macho peke yake.

Kuna jaribio lingine lililo ndani ya ukurasa wenyewe. Zile alama mbili ndogo za "kama juu" kabla ya neno "nusu" katika picha B zilikuwa zimetoweka kabisa. Picha A inazionyesha, na bei inaziunga mkono: mche mmoja wa sabuni ni 2/50, nusu ni 1/25. Mwisho, jumlisha yote. Madeni hadi chumvi ni 19/50. Ondoa 10/00 zilizolipwa, zinabaki 9/50. Ongeza kibiriti -/40 na majani ya chai 1/35, unapata 11/25, ile ile iliyoandikwa chini. Kama ungechukua "kulipa" ukazijumlisha zile kumi badala ya kuzitoa, ungefika 31/25. Ukurasa umejithibitisha wenyewe.

Lakini hesabu ina mpaka ambao haupaswi kuvukwa. Hesabu hupima usomaji wako, haimsahihishi mwandishi. Tuseme chini pameandikwa 11/75 na picha B iko safi kabisa hapo. Basi nakala iandike 11/75, na wewe ueleze pembeni kwamba mistari ya juu inaleta 11/25. Muuza duka alichoka, au alikosea, au kulikuwa na deni dogo la ukurasa uliopita. Si kazi ya mnukuzi kuamua. Vivyo hivyo kwa tahajia. Mstari wa pili katika daftari letu umeandikwa "mafuta ya ta", kwa a moja, na picha A haina shaka. Nakala inaandika "ta".

Nakala ikikamilika

Wasomi wa maandishi ya kale walikwisha kuona kwamba nakala isiyoonyesha mashaka yake humdanganya msomaji. Mwaka 1931 walikutana Leiden, Uholanzi, na kukubaliana alama za pamoja: mabano ya mraba kwa maandishi yaliyopotea na kujazwa na mhariri, nukta chini ya herufi isiyo na uhakika, na nyinginezo. Kwa daftari la nyumbani alama mbili au tatu zinatosha, mradi uzieleze mwanzoni. Hapa chini, [?] ni tarakimu au neno lenye shaka, na [A] au [B] ni picha iliyotegemewa pale picha mbili zilipotofautiana. Namba za kushoto ni za mistari ya daftari, si za mwandishi.

1. 3/6 – Sukari kilo 2 – 8/00
2. 3/6 – Mafuta ya ta chupa 1 – -/90
3. 5/6 – Unga wa sembe kilo 5[?] – 6/25
4. (hakuna tarehe) – kachukua mtoto – (hakuna fedha)
5. 5/6 – Sabuni mche 1 – 2/50
6. 9/6 – " [A] nusu – 1/25
7. 9/6 – Chumvi – -/60
8. 12/6 – Kalipa [A] – 10/00
9. 14/6 – Kibiriti 2 – -/40
10. 14/6 – Majani ya chai – 1/35
11. (mstari wa mkono umepigwa juu ya fedha, hakuna maneno) – 11/25

Chini yake, maelezo mawili: kwamba tarakimu 5 katika mstari wa 3 imetegemea bei, na kwamba mstari wa 4 umeachwa peke yake kama ulivyo kwenye ukurasa, ingawa kwa maana ni mwendelezo wa mstari wa 3. Alama " imebaki alama, haikugeuzwa kuwa neno "sabuni". Anayetaka kuisoma hivyo anaweza, lakini aone kwanza kilichoandikwa.

Na programu za kuunganisha picha?

Zipo programu zinazochukua picha mbili, zikachagua kutoka kila moja sehemu iliyo wazi zaidi na kutoa picha moja safi. Wapiga picha za wadudu na vito huzitumia kila siku. Kwa karatasi bapa iliyopigwa na kamera iliyofungwa kwenye mguu, hufanya kazi nzuri. Kwa daftari lililojikunja na simu iliyoshikwa mkononi, mambo ni magumu: simu ikisogea kidogo, sehemu iliyoinuka karibu na mgongo haikai tena mahali pale pale ukilinganisha na sehemu bapa. Programu ikilazimisha, kwenye ukanda wa katikati utaona herufi zenye kivuli, mistari inayoruka nusu ngazi, au tarakimu iliyotungwa kutoka tarakimu mbili. Picha ya kuunganisha ifae kwa kutazama ukurasa kwa jumla. Unukuzi ufanywe kutoka picha mbili za asili.

Kwamba picha safi yaweza kusema uongo si dhana. Mwaka 2013 David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox za kuskani zilibadilisha tarakimu kwenye hati. Ramani ya nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya maeneo tofauti, 14.13, 21.11 na 17.42, lakini nakala ikatoka vyote vitatu vikiwa 14.13. Mashine, ili kupunguza ukubwa wa faili, ilihifadhi kipande kimoja cha picha na kukirudia popote ilipodhani pana kipande kinachofanana. Tarakimu zilitoka safi, zimenyooka, bila dalili yoyote ya kosa. Ndiyo sababu nasisitiza chanzo: picha ya asili yenye ukungu ina thamani kuliko picha nzuri ambayo hujui imepitia wapi. Kwa hiyo hiyo, mwombe ndugu yako akutumie picha kama faili kamili, si kama picha ya kawaida ya ujumbe, kwa kuwa programu za ujumbe hupunguza ukubwa na kufuta vitu vidogo vile vile ambavyo ukungu umeviacha.

Barua na tenzi za hati ya Kiarabu

Familia nyingi za mwambao zina karatasi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na huko shida ni kubwa zaidi. Herufi kama ب na ت na ث zina umbo moja. Kinachozitenganisha ni nukta, na nukta ndicho kitu cha kwanza kufutwa na ukungu. Nusu yenye ukungu hapo haiwezi kusomwa hata kwa kubahatisha, lakini bado inakuonyesha urefu wa maneno na nafasi za mistari, na kazi ya kuhesabu mistari ni ile ile, ukikumbuka kwamba mwanzo wa mstari uko kulia.

Barua haina jumla ya kujipima nayo, lakini utenzi unayo: mizani na vina. Vipande vya ubeti mara nyingi huandikwa vikifuatana kwenye mstari mmoja, hivyo mpaka wa picha mbili hupita katikati ya kila ubeti. Ukiziunganisha nusu ukateleza mstari mmoja, vipande vitatu vya kwanza havitakubaliana tena kwa kina, na utalijua kosa ubeti ule ule. Tahadhari ni ile ile ya hesabu: kina kinakuambia umeteleza, hakikupi ruhusa ya kutunga neno linalofaa mahali pasiposomeka.

Ukipata nafasi ya kupiga tena

Daftari likiwa bado linafikika, picha tatu ni bora kuliko mbili: moja ikilenga kushoto, moja kulia, na moja katikati, pale ambapo ukanda wa mashaka ungeangukia. Ukurasa mzima uonekane katika kila picha, kingo zake zote nne, hata kama sehemu kubwa ina ukungu, maana ukingo ndio unaokupa mahali pa kuanzia kuhesabu. Simu isimame juu kabisa ya ukurasa badala ya kuinama, isogezwe mbali kidogo, na daftari likandamizwe kwa kipande cha kioo au rula karibu na mgongo.

Ukishanukuu, hifadhi pamoja vitu vitatu: picha mbili za asili bila kuzikata wala kuzinoa, karatasi zako mbili za usomaji, na nakala ya mwisho yenye alama zake. Mjukuu atakayeibua swali kuhusu ile kilo 5 ataona ulichokiona, ataona ulivyoamua, na akiwa na macho au chombo bora kuliko vyako ataweza kukusahihisha. Nakala isiyo na picha zake wala alama za mashaka haimpi nafasi hiyo. Ama aiamini yote, ama aanze upya.